Meza ya kukunja ukutani: braketi ipi kwa ukuta upi

Plagi ile, ya kutia kwenye tundu la ukuta ili skurubu ishike, bado ninayo kwenye kisanduku cha skurubu. Ni ya plastiki ya kijivu, ina urefu wa sentimita 3, na ukiishika utaona imegawanyika rangi mara mbili: sehemu kubwa ina vumbi jeupe la plasta, na ncha yake tu ndiyo nyekundu kwa vumbi la tofali. Ilitoka kwenye ukuta wa binamu yangu kule Kawempe, siku ya tatu baada ya mimi kumfungia meza ya kukunja. Sufuria la maharage lilikuwa mezani, mtoto mkubwa akaegemea ukingo ili afikie chumvi, na upande wa kulia wote ukang'oka. Hakuna aliyeungua, namshukuru Mungu. Braketi zenyewe hazikupinda hata kidogo, na boksi lake liliandikwa kilo 150 kwa jozi.

Tangu hapo nimefunga meza nyingi za aina hii Kampala, nyingi zikiwa kwenye mizigo, ndivyo tunavyoziita hapa nyumba za kupanga za chumba kimoja, na fleti ndogo za vyumba viwili, ambako meza ya kudumu ingeziba njia ya kitandani. Watu huniuliza braketi ipi ni bora. Mimi huanza na ukuta, kwa sababu chuma karibu chote kinachouzwa madukani kinabeba zaidi ya ukuta wetu unavyoweza kukishika.

Ile namba ya kwenye boksi inaeleza chuma kikiwa kimefungwa mahali pasipotikisika, na mzigo ukiwa umetandazwa sawasawa juu ya mkono wote. Haisemi lolote juu ya tofali lako. Haisemi pia kwamba mtu akiegemea ukingo wa mbele, kilo zake haziishii kushuka chini tu, zinageuka kuwa nguvu ya kuvuta skurubu za juu zitoke ukutani. Hebu tuipige hesabu hiyo mara moja, maana ndiyo itakayotuamulia mengine yote.

Chukua meza ya urefu wa sentimita 90 na upana wa sentimita 50 kutoka ukutani, ya plaiwudi ya milimita 18. Ubao huo una kilo 5 hivi. Weka juu yake kilo 10 za vyombo na chakula, katikati. Halafu mtu mzima aegemee ukingo kwa viwiko, tuseme kilo 30. Kila mzigo unauzidisha kwa umbali wake kutoka ukutani: 5 mara 25 ni 125, 10 mara 25 ni 250, 30 mara 50 ni 1500. Jumla ni 1875. Ona jinsi kule kuegemea peke yake kulivyobeba sehemu kubwa kuliko ubao na chakula pamoja. Gawa kwa braketi mbili, kila moja inapata kama 940.

Sasa namba hiyo unaigawa kwa kimo kimoja tu: kutoka skurubu ya juu kabisa hadi pale chini ambapo braketi inausukuma ukuta. Kimo hicho kikiwa sentimita 15, skurubu ya juu inavutwa kwa kilo 63. Kikiwa 30, kilo 31. Kikiwa 50, kilo 19. Meza ni ileile na mtu ni yuleyule. Kwa hiyo mimi nikiingia dukani, kitu cha kwanza ninachopima kwa futi ni urefu wa uti wa braketi, yaani kile kipande kinacholala ukutani. Wauzaji wanataja urefu wa mkono, inchi 12, 14, 16, na mara nyingi mkono ukirefuka uti unabaki mfupi vilevile.

Na hapo tumechukulia kwamba mzigo unagawanyika sawa. Mtu akiegemea pembeni, braketi ya upande wake inabeba karibu yote.

Kwa meza hiyohiyo, aina ninazozikuta hapa zinakaa hivi zikiwekwa pamoja:

| Aina | Kimo cha kuvuta | Mvuto juu, kila upande |
|---|---|---|
| Braketi ya springi ya dukani | sm 15 | kilo 63 |
| Ya kulehemu, uti mrefu | sm 30 | kilo 31 |
| Bawaba na mnyororo kutoka juu | sm 50 | kilo 19 |
| Ya springi juu ya mti wa wima | sm 55 | kilo 17 |
| Bawaba na mguu wa sakafuni | – | karibu hakuna |

Kwa tofali letu la kuchoma la kawaida, mimi sikubali kuitegemea plagi moja ya milimita 8 kwa zaidi ya kilo 20 za kuvuta. Hiyo ni kanuni yangu ya kazini. Tofali la kiwandani, gumu na lililoiva sawasawa, linashika zaidi ya hapo. Lakini matofali yaliyojengea mizigo mingi yamechomwa kwenye tanuu la kienyeji. Yale ya katikati ya tanuu yanaiva, ya pembeni yanatoka nusu mabichi, na yote hupandishwa kwenye gari moja. Huwezi kujua lipi liko nyuma ya plasta mpaka utoboe.

Kwa hiyo toboa. Kabla ya kununua braketi yoyote, chukua biti ya milimita 6 ya ukutani, zima ile nyundo ya drili, na toboa tundu moja la majaribio mahali ambapo meza itapaficha. Kwanza linatoka vumbi la plasta, la kijivu au jeupe. Weka alama kwenye biti rangi inapogeuka, hapo umepata unene wa plasta. Nimekuta sentimita 1 na nusu, nimekuta 3 pale fundi alipokuwa akisawazisha ukuta uliopinda. Kisha vumbi liwe jekundu. Kama biti inakwenda pole na vumbi ni laini kama pilipili ya kusaga, tofali limeiva. Kama inazama yenyewe na vumbi linatoka kwa vipande, lile ni bichi, usilitegemee. Kama rangi imerudi kijivu, au inatoka kahawia ya udongo mtupu, umeangukia kwenye kiungo baina ya matofali. Nyumba nyingi za zamani zilijengwa kwa udongo kwenye viungo na saruji ikapakwa juu tu, na plagi iliyo kwenye udongo haishiki chochote. Sogea sentimita 4 juu au chini utoboe tena.

Kwenye fleti za ghorofa utakutana na kuta mbili zisizofanana ndani ya chumba kimoja. Sehemu kubwa ni matofali au bloku za kujazia, lakini pembeni mwa chumba kwa kawaida kuna nguzo ya zege. Ukitoboa nguzo, biti inakataa kwenda bila nyundo, na vumbi ni la kijivu, jepesi kama majivu. Ukipata hapo, furahi. Plagi nzuri ya milimita 10 ndani ya zege inabeba hata braketi fupi bila shida. Mara nyingi kuisogeza meza nusu mita kuelekea pembe ya chumba kunakupa angalau upande mmoja wenye nguvu. Ukigonga nondo, acha, sogea.

Na bloku zenye matundu ndani? Utajua kwa sababu baada ya sentimita 3 hivi biti inaruka mbele ghafla, umeingia kwenye uwazi. Plagi ya kawaida humo inazunguka tu. Zipo plagi ndefu zinazojifunga fundo zenyewe nyuma ya ukuta unapokaza, na ipo gundi ya sindano inayoingizwa ndani ya kikapu cha wavu. Zote zinafanya kazi, ila kwa ukuta wa namna hii mimi husema moja kwa moja: chukua meza yenye mguu wa sakafuni.

Tuzitazame sasa zenyewe, nikianza na ile ambayo kila mtu anaitaka.

Braketi ya springi ni pembetatu ya chuma inayojikunja. Unainua ubao, inalia tak, imejifunga. Ukitaka kuishusha unabonyeza kifyatulio kilicho chini ya mkono na ubao unalala ukutani. Ni safi, haina mguu wa kukwaza miguu, haina mnyororo usoni. Kwa chumba kidogo hakuna inayoishinda kwa matumizi ya kila siku, nami sitaki kumkatisha mtu tamaa nayo. Kasoro yake ni ule uti mfupi. Ukiinunua, mkono uwe angalau theluthi mbili ya upana wa meza: kwa meza ya sentimita 50, mkono wa 35 hadi 40. Ifungue dukani, ishike uti kwa mkono mmoja, utikise ncha kwa mwingine. Ikicheza pale kwenye pini, ujue mchezo huo mdogo utaonekana mkubwa kwenye ukingo wa meza, na chai itamwagika. Angalia pia matundu ya uti. Yanayopita skurubu ya milimita 6 ni mazuri, yanayokubali 4 tu ni ya kubeba rafu ya vitabu.

Zile skurubu na plagi zinazokuja ndani ya boksi, ziweke kando. Karibu kila mara ni fupi, kama ile ya Kawempe. Plasta haishiki, plagi lazima iipite yote na iwe na angalau sentimita 5 nzima ndani ya tofali. Plasta ikiwa na sentimita 2, tundu linakuwa la kina cha sentimita 8, kwa sababu ukiacha zile 7 unahitaji nafasi kidogo ya vumbi nyuma. Skurubu iwe na urefu wa kufika mwisho wa plagi na kutokeza kidogo, ukihesabu na unene wa chuma cha braketi, la sivyo plagi haipanuki pale ndani inapotakiwa. Ukuta mwembamba wa tofali moja lililosimamishwa ubavu nao una kikomo chake. Usije ukatokea chumbani kwa jirani.

Ya pili ni ya kulehemu. Pale Katwe utapata fundi wa chuma atakayekukatia anglaini na bomba la mraba akakutengenezea pembetatu inayofunguka kama mlango: uti umefungwa ukutani, na mkono wenye mhimili wa mshazari unazunguka kwa bawaba kutoka ukutani hadi chini ya ubao. Ubao wenyewe unashikwa na bawaba zake kwenye kipande cha mti ukutani. Uzuri ni kwamba unaagiza uti unaoutaka wewe. Mwambie sentimita 35 na matundu manne, mawili ya juu kabisa yawe karibu sana na ncha, yagawane mvuto. Umeshapunguza mvuto nusu nzima kwa kuongeza kipande cha chuma kisichozidi kiganja. Ubaya ni kwamba kila mmoja hutoka tofauti kidogo na mwenzake. Beba pimamaji uende nayo, uziweke mbili ubavu kwa ubavu kabla ya kulipa. Na umwambie apige rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya juu, kwani karibu na jiko la sufuria linalotoka mvuke kila siku, mshono wa kulehemu ndio unaoanza kutu.

Mnyororo watu wanaudharau, na hesabu inasema wasiudharau. Bawaba chini, minyororo miwili kutoka ukingo wa mbele kwenda ukutani, sentimita 50 juu ya meza. Mvuto unashuka hadi kilo 19, na bawaba za chini zinasukumwa kuingia ukutani badala ya kung'olewa. Tofali la wastani linaubeba. Tatizo ni la maisha ya kila siku: mnyororo unakata meza pembeni, huwezi kuketi kwenye ncha, na nguo zinanasa. Kwa meza ya kupigia pasi au ya kompyuta ya mtu mmoja anayekaa katikati, mimi ningeuchukua. Kwa meza ya kula watu watatu, hapana. Usiusogeze mnyororo chini ili usionekane, maana kadiri unavyoushusha, mvuto unapanda.

Mguu wa sakafuni ndio unaomtuliza mwenye ukuta mbovu. Ubao umeshikwa na bawaba ukutani, na mbele kuna mguu mmoja mpana au miwili inayokunjwa chini ya ubao. Mtu akiegemea ukingo, kilo zake 30 zinakwenda moja kwa moja sakafuni. Ukutani inabaki nusu ya ubao na chakula, kilo 7 au 8 za kushuka tu, na kushuka ni jambo ambalo hata plagi duni inalimudu. Sharti ni moja: mguu uwe na kitasa au ndoana ya kuuzuia usijikunje ukipigwa teke. Nimeona mguu ulioachwa huru ukipigwa na mtoto anayetambaa, ubao ukashuka wote. Kama sakafu ina mabonde, weka bolti ya kurekebisha chini ya mguu ili uinue au ushushe.

Nimeacha ile ya nne kwenye jedwali makusudi, kwa sababu ndiyo ninayoifunga mara nyingi kuliko zote, na haiuzwi dukani.

Mwaka uliopita mwalimu mmoja wa Kibuli aliniita. Anakaa muzigo wa chumba kimoja cha mita 3 kwa 3 na nusu, na tayari alikuwa amenunua jozi ya braketi za springi za inchi 16.

"Fundi, hizi zimeandikwa zinabeba mtu," akaniambia. "Watoto wanakuja kufanyia hesabu hapa jioni, wanne, na hawatulii."

"Chuma kinabeba, mwalimu. Nataka kuusikia ukuta."

Tukatoboa. Plasta sentimita 2, kisha tofali, jekundu, la wastani, si bichi ila si gumu. Sentimita 8 juu yake tukapata kiungo, kilikuwa cha udongo. Uti wa braketi zake ulikuwa wa sentimita 17, na kutoka skurubu ya juu hadi kisigino chake sentimita 15. Kilo 63 kwa plagi moja ndani ya tofali lile, na watoto wanne wasiotulia. Sikukubali. Yeye hakutaka mguu, kwa kuwa chini ya meza ndipo godoro la mgeni linapowekwa.

Tukaenda Ndeeba tukanunua mti wa mugavu mkavu, tukaukata vipande viwili vya sentimita 60, upana 7, unene 4. Kila kipande kinasimama wima ukutani, na braketi inafungwa juu ya mti, haigusi ukuta. Sasa kimo cha kuvuta si tena sentimita 15 za uti bali ni urefu wa mti: kutoka plagi ya juu hadi ncha ya chini, 55. Mvuto umeshuka hadi kilo 17, tena unagawanywa na plagi mbili za juu. Unene wa 4 una sababu yake. Mti wa sentimita 2 unapinda kama upinde pale braketi inapovuta, na ukipinda, plagi iliyo karibu na braketi inarudi kubeba peke yake, umerudi ulikotoka.

Braketi tuliifunga kwenye mti kwa bolti za milimita 6 zinazopita hadi nyuma, vichwa vyake vikiwa vimezamishwa upande wa ukutani ili mti ulale sawa. Hili lazima lifanyike kabla mti haujapanda ukutani. Skurubu za mbao zingeshika pia kwenye mugavu, lakini mti ukishafungwa ukutani mtu hawezi tena kuona nyuma, nami napenda nisiwe na wasiwasi.

Kisha matundu. Kila mti ulipata manne: mawili ya juu, moja katikati, moja chini. Plagi zilikuwa zile ndefu zinazopita ndani ya mti wenyewe, milimita 10 kwa sentimita 12: sentimita 4 ndani ya mti, 2 kwenye plasta, 6 ndani ya tofali. Tuliutoboa mti kwanza mezani, tukausimamisha ukutani kwa pimamaji, tukatia alama, tukaushusha, tukatoboa ukuta bila nyundo. Tundu la pili la mti wa kushoto likatoa vumbi la kahawia, udongo wa kiungo. Tukatoboa mti upya sentimita 5 chini yake, na lile la kwanza tukalijaza saruji. Kila tundu tukalipuliza kwa pampu ya baiskeli mpaka likaacha kutoa vumbi. Usilipulize kwa mdomo, vumbi litakurudia machoni. Plagi ikiingia kwa kidole bila kugongwa, tundu limepanuka, halifai. Inatakiwa iingie kwa kugongwa polepole na mpini wa nyundo.

Kuna fundi watakaokuambia wachonge kijiti cha mti, wakigonge tundu na kupiga msumari. Siku hiyo kitashika kweli. Miezi ya kiangazi mti ule unakauka na kusinyaa, na msumari unatoka kwa vidole. Na bolti kubwa za chuma zinazojipanua, wanazofungia mageti, usizitie kwenye tofali la kuchoma. Zinalipasua kwa ndani unapokaza, na hutaona ufa kwa sababu ya plasta. Hizo zina mahali pake kwenye zege.

Jambo la umeme nalitaja kwa ufupi lakini kwa nguvu: waya ndani ya ukuta kwa kawaida hupanda au kushuka wima kutoka kwenye soketi na swichi. Ukiwa na soketi chini ya mahali unapotaka meza, usitoboe mstari wa juu yake. Na mwenye nyumba aulizwe kabla, kwani mashimo manane ya milimita 10 si ya kuficha kwa kalenda.

Umbali baina ya braketi mbili ulikuwa sentimita 60, kila moja ikiwa 15 kutoka ncha ya ubao. Kimo cha juu ya meza ni 75 kutoka sakafuni, kwa hiyo ubao wa 50 ukikunjwa unaacha 25 chini, godoro linapita. Hapa pimamaji ni muhimu kuliko yote, maana braketi moja ikiwa juu ya mwenzake hata kwa milimita 3, kufuli moja linalia na lingine halifiki. Nilimfundisha mwalimu kusikiliza tak mbili. Akisikia moja, asiweke kitu.

Kisha tukaijaribu, na jaribio hili nakuomba ulifanye bila kujali umefunga aina gani. Chukua jerikeni tatu za lita 20, zijaze, zifunge vifuniko vizuri. Weka godoro au magunia chini ya meza na usiweke mguu wako hapo. Zipange tatu hizo kwenye ukingo wa mbele. Ni kilo 60, na kwa kuwa kitovu cha kila jerikeni kinakaa kama sentimita 37 kutoka ukutani, zikijumlishwa na ubao zinaleta 2345 dhidi ya zile 1875 za hesabu yetu, yaani robo zaidi. Kabla ya kuzipandisha, shika kipande cha karatasi ya daftari ujaribu kukiingiza nyuma ya ncha ya juu ya mti au ya braketi. Hakiingii. Ziache usiku kucha. Asubuhi, zikiwa bado juu, jaribu tena. Karatasi ikiingia, plagi imeanza kutembea. Shusha jerikeni moja moja, na meza hiyo uipe mguu wa sakafuni au uhamishe matundu. Usikaze skurubu tu na kuendelea, maana plagi iliyotembea mara moja imeshasaga tofali lake.

Kwa mwalimu karatasi haikuingia. Nilirudi baada ya wiki sita, nikakaza bolti robo mzunguko, kwa sababu mti hutulia kidogo baada ya kufungwa. Mti wa kulia haukusogea. Wa kushoto, wenye lile tundu la kiungo, niliuongezea plagi ya tano hapo juu, ingawa karatasi ilikuwa bado inakataa kuingia.

Kwa hiyo nikiulizwa leo kuchagua: nguzo ya zege, chukua ya springi kama ilivyo, na plagi nzuri za milimita 10. Tofali la wastani, ya springi juu ya mti wa wima, au ya kulehemu ya uti wa 35 ukiifunga mahali ambapo mtu mmoja tu ataegemea. Tofali bichi, viungo vya udongo kila mahali, au bloku zenye matundu, bawaba na mguu wenye kitasa, hata kama godoro litabidi litafutiwe mahali pengine.

Na kama kuna mtu mzima anayependa kukaa juu ya meza, hesabu inabadilika kabisa. Kilo 70 za mwili wake zikiwa sentimita 40 kutoka ukutani ni 2800 peke yake, kabla ya ubao. Katika vyote nilivyoeleza, mguu wa sakafuni tu ndio ningeuruhusu hapo.